Uhariri unaorudishika: mwanya ulienda wapi?

Bibi harusi alikuwa na mwanya. Ulikuwa mwanya mzuri wa meno mawili ya mbele ya juu, ule ambao kwetu mtu huzaliwa nao akasifiwa hadi uzeeni. Tulimpiga picha jioni ufukweni Mwanza, Jiwe la Bismarck nyuma yake, maji yakimulika. Usiku nikakaa kwenye kompyuta nikamfuta chunusi, nikamng'arisha uso, na nilipofika mdomoni nikauziba ule mwanya nikiamini namsaidia. Wiki mbili baadaye mama yake alipanda ngazi za studio, fremu kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mwanya wa binti yangu umeupeleka wapi?"

Sikuwa na pa kuutoa. Kadi ya kamera ilikwishafutwa na kupigiwa shughuli nyingine mbili. Kwenye kompyuta ilibaki JPEG moja tu, chunusi, mwanga na meno vyote vikiwa vimegandishwa humo pamoja.

Kilichonipungukia siku ile ndicho kinachoitwa uhariri unaorudishika. Ni namna ya kurekebisha picha ambayo kila badiliko la sura hukaa juu ya picha ya kwanza bila kuigusa, kila moja peke yake na kwa jina lake, na pembeni kuna maandishi yanayosema nini kilifanywa, kwa kiasi gani, na nani alikiomba. Yeyote akija baada ya mwaka, badiliko moja linaweza kuondolewa na mengine yakabaki.

Wengi hudhani kompyuta inakumbuka yenyewe, kwa sababu Ctrl+Z inarudisha hatua nyuma. Inarudisha, ila kwa muda faili liko wazi. Orodha ya hatua unayoiona kwenye History ya programu ya Photoshop hufutika ukifunga faili, na kesho yake ukilifungua linaanza upya kana kwamba hakuna kilichotendeka.

Wapo pia wanaodhani kwamba kama uling'arisha, basi ukitia giza kwa kiasi kilekile utarudi ulikotoka. Hapa inafaa kuangalia namba. Katika JPEG kila rangi ya msingi ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Chukua kipaji cha uso chenye jasho kidogo: nukta tatu zinazokaribiana zina 238, 245 na 251. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazoonyesha kuwa hii ni ngozi yenye mviringo. Ukiongeza mwanga kwa 20, zote tatu zinagonga dari la 255 na kuwa kitu kimoja. Sasa punguza 20: unapata 235, 235, 235. Giza limerudi, mviringo haujarudi. Kinachoonekana ni bapa la kijivu kwenye kipaji, kama mtu aliyepakwa unga. Mwanya nao ni vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, maana nukta zake hazikubadilishwa thamani bali zilifunikwa kwa nukta za jino la jirani. Hakuna hesabu ya kuzirudisha.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kuhariri, kwenye faili asilia. Kama kamera ina uwezo wa kupiga faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijageuzwa JPEG, NEF kwa Nikon, CR3 kwa Canon za sasa, ARW kwa Sony, piga hilo. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 kwa kila nukta, na programu za kuhariri huliacha lilivyo. Usiku wa shughuli nakili kadi kwenye diski mbili zisizokaa sehemu moja, na kadi isifutwe mpaka umefungua picha kadhaa kutoka kila diski ukaona zinafunguka. Mimi huchukua pia alama ya kila faili muhimu kwa amri ya Windows:

```
certutil -hashfile 0412_asili.NEF SHA256
```

Unatoka mstari wenye herufi na tarakimu 64. Nukta moja ikibadilika ndani ya faili, alama nzima inabadilika. Ninapokutana na faili lile mwakani, natoa alama tena na kulinganisha, ndipo najua kama kweli ni asilia au kuna mtu alilifungua akalihifadhi upya.

Majina yanahitaji uangalifu kwa sababu moja ambayo wapiga picha wapya hawaijui. Kamera huhesabu hadi 9999 kisha huanza tena 0001. Mwenye shughuli nyingi atakuwa na DSC_0412 ya sendofu ya Kirumba na DSC_0412 nyingine ya kipaimara cha Nyegezi, na siku atakapozihamishia folda moja, moja inaweza kuifuta mwenzake. Weka tarehe mbele, ukianza na mwaka ili zijipange zenyewe, kisha shughuli, kisha namba ya kamera isiyobadilishwa, kisha hali ya faili:

```
2025-08-16_sendofu-kirumba_0412_asili.NEF
2025-08-16_sendofu-kirumba_0412_kazi_v01.psd
2025-08-16_sendofu-kirumba_0412_kazi_v02.psd
2025-08-16_sendofu-kirumba_0412_chapa-30x40_v02.jpg
```

Ona kwamba JPEG ya kuchapa imebeba v02 ileile ya faili la kazi. Mteja akileta fremu, nasoma namba nyuma yake na ninajua ni faili lipi la kazi lililoizaa. Majina kama "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kabisa" hayasemi lipi lilitoka wapi.

Tuingie ndani ya faili la kazi, maana hapa ndipo watu wenye nia njema wanapokosea. Leya ni kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya picha. Hivi ndivyo faili la yule bibi harusi lingepaswa kuwa, likisomwa kutoka juu kwenda chini:

```
50_rangi-jioni
40_mwanga-uso
30_mwanya
20_chunusi-shavu-kulia
00_asili
```

Leya 00 imefungwa kwa kufuli. Leya 20 na 30 zilianza zikiwa tupu, na marekebisho yamepakwa juu yake. Leya 40 ni Curves, yaani ya kurekebisha mwanga, yenye maski, kifuniko kinachoifanya ifanye kazi usoni tu, na 50 ni ya rangi ya picha nzima. Mama akija kuulizia mwanya, nabonyeza alama ya jicho kando ya leya 30 kuizima, meno yanarudi kama Mungu alivyoyapanga, chunusi zinabaki zimefutwa, na mwanga unabaki palepale. Ni kazi ya dakika moja pamoja na kuhifadhi v03.

Lakini mpangilio huo unafanya kazi kwa sharti moja. Brashi ya kuponya au ya kunakili huchota ngozi sehemu moja na kuipaka nyingine, na kwenye Sample unaiambia ichote wapi. Ukiweka leya ya chunusi juu kabisa na kuchagua All Layers, brashi inachota ngozi iliyokwisha ng'arishwa. Kwa macho hakuna tofauti. Siku utakapozima leya ya mwanga, ndipo utaona: uso umerudi rangi yake, lakini kila mahali palipokuwa na chunusi pana doa jeupe, kama viraka kwenye shati. Leya zipo, zina majina, na bado hazirudishiki kila moja peke yake. Dawa ni kuweka leya za kuponya chini ya zile za mwanga na rangi, na kuchagua Current & Below. Kisha jaribu kabla hujamkabidhi mteja: zima kila leya moja baada ya nyingine ukitazama uso kwa ukubwa wa 100%. Doa lolote linalojitokeza ni leya iliyochota mahali pasipostahili.

Kupunguza kiuno au mashavu kwa Liquify, chombo cha kusukuma maumbo, kuna hila yake. Ukiifanya moja kwa moja juu ya leya ya picha, nukta zinasukumwa na hazirudi. Igeuze leya kwanza kuwa Smart Object, yaani leya inayotunza picha yake ya kwanza ndani, ndipo Liquify ibaki kama kichujio unachoweza kukifungua na kukipunguza.

Sio kila picha inastahili haya yote. Katika picha 300 za sendofu, labda 20 zitaingia kwenye leya. Zilizobaki hurekebishwa kwenye programu ya Lightroom Classic, ambako marekebisho huandikwa kama maagizo kwenye katalogi na picha haiguswi. Hatari yake ni ya kuhama: ukinakili NEF kwenda diski nyingine bila katalogi, maagizo yamebaki nyuma. Chagua picha, bonyeza Ctrl+S, na maagizo yataandikwa pia kwenye faili dogo la XMP kando ya kila NEF. Hamisha vyote viwili pamoja.

Halafu daftari. Photoshop inaweza kuandika hatua zake yenyewe ukiwasha History Log, na inafaa, lakini inasema kilichofanywa tu. Haisemi kwa nini, wala kwa idhini ya nani. Hayo unaandika wewe, mstari kwa mstari:

```
0412 | v01 | 20_chunusi | 3 zimefutwa | kaomba mwenyewe
0412 | v01 | 40_mwanga  | opasiti 35% | fundi, kwa sababu ya kivuli
0412 | v02 | 30_mwanya  | umezibwa    | HAKUNA ALIYEOMBA
```

Mstari wa tatu ndio ungenisimamisha. Ningelazimika kuandika jina la aliyeomba, nikute hakuna. Tangu hapo nimejiwekea mpaka: chunusi huja na kuondoka, kwa hiyo nazifuta mteja akitaka. Mwanya, kovu, chale, alama ya kuzaliwa na weusi wa ngozi ni vya mtu, sivigusi mpaka aseme mwenyewe. Na hata akisema, vinakaa kwenye leya yao, maana atakayeitazama picha ile baada ya miaka 40 huenda akawa mjukuu anayetafuta bibi yake alifanana na nani.

Yule mama nilimhangaikia siku mbili. Nilijaribu programu ya kufufua mafaili kwenye kadi, ikaleta picha za shughuli za baadaye tu. Mwisho dada wa bibi harusi akakumbuka kuwa jioni ileile nilimtumia picha mbichi kwa WhatsApp, akainua simu yake. Mwanya ulikuwepo! Lakini WhatsApp ilikuwa imeibana picha hiyo. Fremu ya sentimita 30 kwa 40, ikichapwa vizuri, hutaka karibu pikseli 3,500 kwa 4,700, na yangu ilikuwa na sehemu ndogo tu ya hizo. Nikajaribu kuyahamisha meno yale kwenda kwenye picha kubwa, yakaonekana kama yamechorwa kwa penseli. Nikaacha. Nikaichapa ile ya simu kama ilivyo, sentimita 10 kwa 15, bila kugusa kitu. Mama aliichomeka kwenye kona ya fremu, juu ya kioo, akaondoka nazo zote mbili.