Je, wajua? Neno "false" linaweza kuacha majaribio yakiwa yamewashwa

Inakuwaje programu iandike kwamba kazi imekamilika, ilhali hakuna mkulima hata mmoja aliyelipwa?

Huwa kazi imefanyika kweli, ila imefanyika pasipo na kitu. Mifumo mingi ya malipo huwa na hifadhidata mbili zenye umbo moja: moja ya kweli, na nyingine ya majaribio ambayo husafishwa mara kwa mara ikabaki tupu. Kinachoamua ipi ifunguliwe ni kigeu cha mazingira, yaani thamani fupi inayowekwa nje ya programu na kusomwa programu inapoanza.

Tuchukue ushirika wa kufikirika wa wakulima wa zabibu kule Hombolo, Dodoma. Kila siku saa nane usiku, seva huanzisha programu inayotafuta mizigo iliyopimwa mchana na kutuma malipo kwa simu. Jioni moja fundi alikuwa akijaribu marekebisho, akaweka `TEST_MODE=1`. Alipomaliza hakusahau kuizima: aliandika `TEST_MODE=false`, akaenda zake nyumbani. Ndani ya programu kulikuwa na mistari hii:

```python
if os.getenv("TEST_MODE"):
    db = connect(SANDBOX)
else:
    db = connect(REAL)
```

Vigeu vya mazingira hubeba maandishi tu, kwa hiyo `false` hapa ni herufi tano, si jibu la hapana. Python huyahesabu maandishi yoyote yenye walau herufi moja kuwa ni kweli. Hata `TEST_MODE=0` ingeipeleka programu kulekule kwenye majaribio.

Huko ilikuta jedwali lisilo na mzigo hata mmoja, ikazunguka mara sifuri, ikafunga kwa namba 0, ambayo ndiyo namba ya mafanikio. Afadhali hifadhidata hiyo isingekuwapo kabisa, maana programu ingeshindwa kuunganishwa na mtu angeamshwa usiku uleule.

Dalili ya kwanza ni muda: kazi ya dakika ishirini imekwisha kwa sekunde mbili. Dalili ya uhakika zaidi hupatikana iwapo programu huandika kwenye logi, kabla ya jambo lolote, jina la hifadhidata iliyoifungua na idadi ya mizigo iliyoikuta.

Tiba ya msimbo ni fupi. Programu ilinganishe maandishi yenyewe, `1` yawe ndiyo na `0` yawe hapana, na ikikuta kingine chochote, au isipokuta kitu, isimame. Kusimama kila inapokuta sifuri hakutoshi, kwa kuwa zipo siku ambazo kweli hakuna zabibu zilizopimwa. Ni heri ilinganishe na hesabu ya mizani: mizani ikisema mizigo 214 na programu ikaona 0, isimame na kumpigia fundi. Ila hesabu hiyo isisomwe kupitia swichi ileile ya majaribio, kwa sababu sifuri italingana na sifuri, na logi itaandika tena kwamba kazi imekamilika.