Shilingi 3,000 za Mwalimu: hisa zinapogawanywa, za bonasi zinapotolewa, na za haki zinapouzwa

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka upande wa Ahero alifika ofisini kwetu hapa Kisumu akiwa na taarifa mbili za akaunti yake ya CDS, ile inayotunza hisa zake, moja ya mwanzo wa robo ya mwaka na nyingine ya mwisho wake. Zote mbili zilionyesha hisa 1,000 za kampuni ile ile. Katika taarifa ya kwanza kila hisa ilikuwa na bei ya shilingi 24, na katika ya pili shilingi 21. Alikuwa amekwisha kutoa hesabu pambizoni kwa kalamu nyekundu, akaweka kidole juu ya jibu na kuniuliza: "Binti yangu, sikuuza hata hisa moja, na kampuni haijatangaza hasara yoyote. Nani amechukua elfu tatu zangu?"

Mara nyingi ninapoulizwa swali la namna hiyo jibu huwa kwamba hakuna aliyechukua kitu. Safari hii jibu lilikuwa tofauti, kwa maana kweli kuna watu waliozichukua, tena kwa njia halali kabisa. Kampuni sitaitaja, na tarakimu nimezisawazisha ili hesabu iwe nyepesi kufuata.

Nilimwanzishia na mabadiliko yaliyo mepesi kuliko yote, yaani kugawanya hisa. Mwaka wa 2009 benki ya Equity iligawanya kila hisa moja kuwa kumi, na thamani ya msingi ya hisa, ile inayoandikwa katika katiba ya kampuni, ikashuka kutoka shilingi 5 hadi senti 50. Aliyelala na hisa 100 aliamka na 1,000, na kila moja ikiwa na haki ya sehemu ya kumi tu ya kile ambacho hisa ya zamani ilistahili. Katika pande zetu hizi kila mtu ameshuhudia ekari ikikatwa vipande vya hamsini kwa mia: hati huongezeka, wala udongo hauongezeki. Kinachobadilika kweli ni kwamba mtu mwenye fedha kidogo sasa anaweza kununua, na hilo linaweza kuongeza wanunuzi sokoni, lakini faida ya kampuni, madeni yake na mali zake hubaki vilevile.

Hisa za bonasi hutofautiana na hizo katika vitabu vya hesabu zaidi kuliko mfukoni mwa mwenye hisa. Kampuni huchukua sehemu ya faida iliyolimbikiza miaka iliyopita, au akiba nyingine inayoruhusiwa kisheria, na kuihamishia kwenye mtaji wa hisa, kisha huwapa wenyehisa hisa mpya bila malipo. Hakuna shilingi inayoingia wala kutoka. Kama Mwalimu angepewa hisa moja kwa kila tano alizokuwa nazo, angekuwa na 1,200, na bei ingetarajiwa kushuka kutoka 24 hadi 20, kwa kuwa 24,000 zilezile sasa zimegawanywa kwa 1,200. Watu wengi huipokea bonasi kana kwamba ni mgao wa faida, na hapo nadhani kampuni zenyewe zina lawama kidogo kwa jinsi zinavyoitangaza. Jambo la kutazama ni mgao wa fedha utakaofuata. Kampuni iliyokuwa ikilipa shilingi 1.20 kwa hisa ikiendelea kulipa 1.20 baada ya bonasi hiyo, basi imeongeza mgao kweli, maana sasa inalipa hisa nyingi zaidi. Ikishusha hadi shilingi 1, mwenyehisa anapokea fedha zilezile za mwaka jana.

Hapa ndipo nilipomwomba Mwalimu anionyeshe daftari lake, kwa sababu makosa mengi huanzia humo. Alinunua hisa zake kwa shilingi 18. Baada ya bonasi ya moja kwa tano, gharama yake kwa kila hisa isingekuwa tena 18 bali 15, yaani 18,000 kwa 1,200. Asipoirekebisha, ataona bei ya soko ya 20 na kudhani faida yake ni shilingi 2 kwa hisa, ilhali ni 5. Na kama hisa zingegawanywa moja kwa kumi, angeona bei ya shilingi 2.40 kando ya 18 yake na kudhani kampuni imekufa. Nimewahi kumwona mtu akiuza kwa hofu ya namna hiyo, asubuhi ya siku ya kwanza baada ya hisa kugawanywa.

Sasa nirudi kwenye zile 3,000. Kilichotokea katika kampuni ya Mwalimu ni toleo la hisa za haki. Kampuni ilihitaji mtaji mpya, na badala ya kukopa au kuuza hisa kwa watu wa nje, ilianza na wenyehisa wake: kila aliyekuwa kwenye rejista siku ilipofungwa alipewa haki ya kununua hisa moja mpya kwa kila mbili alizo nazo, kwa shilingi 15. Mwalimu alipata haki 500. Neno la kushika hapa ni haki. Haki si hisa, wala si wajibu. Ni kitu kinachosimama peke yake, chenye thamani yake, na kwa siku chache kinaweza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi kama vile hisa zinavyouzwa.

Thamani hiyo inapatikana hivi. Chukua hisa mbili za zamani kwa bei ya 24, ambazo ni 48, ongeza moja mpya ya 15, upate 63. Gawanya kwa hisa tatu, upate 21. Hiyo ndiyo bei ambayo hisa hutarajiwa kufikia toleo likikamilika, na ndiyo sababu taarifa ya pili ya Mwalimu ilionyesha 21 bila kampuni kupata hasara yoyote. Mwenye haki anaweza kulipa 15 apate kitu cha 21, kwa hiyo kila haki ina thamani ya shilingi 6. Haki 500 mara 6 ni shilingi 3,000.

Kama angelipa shilingi 7,500, angekuwa na hisa 1,500 za shilingi 21, jumla 31,500, ambazo ni zile 24,000 za mwanzo pamoja na 7,500 alizotoa mfukoni. Kama angeuza haki zake zote, angebaki na hisa za 21,000 na fedha taslimu 3,000. Kwa njia zote mbili hakuna alichopoteza, ukiacha ada ya dalali. Mwalimu hakufanya lolote kati ya hayo. Barua yake ilikaa kwenye sanduku la posta hadi siku ya mwisho ikapita, na haki isiyotumiwa huisha pamoja na siku hiyo. Zile hisa 500 walipewa wenyehisa walioomba nyongeza juu ya haki zao. Walilipa 15 kwa kila hisa iliyokuwa na thamani ya 21, wakapata shilingi 6 mara 500. Hao ndio waliochukua elfu tatu, na nilimwambia hivyo waziwazi, kwa sababu alistahili jibu la swali lake.

Alinyamaza, kisha akauliza swali la pili, lililokuwa zuri kuliko la kwanza: "Kwa hiyo wangeweka bei ya 15 kuwa 6, tungefaidika zaidi?" Hesabu inajibu. Hisa mbili za 24 na moja ya 6 ni 54. Gawanya kwa tatu, upate 18. Haki sasa ina thamani ya 12, na anayelipa au anayeuza haki zake hubaki palepale alipokuwa. Anayelala ndiye anayepoteza 6,000 badala ya 3,000. Punguzo katika toleo la haki si zawadi, maana mwenye hisa anajiuzia mwenyewe kwa bei ya chini kitu ambacho tayari ni chake. Ukubwa wa punguzo huamua tu adhabu ya asiyefanya kitu ni kubwa kiasi gani.

Kuna jambo ambalo kuuza haki hakulirudishi, nalo ni ukubwa wa kipande. Mwaka wa 2016 KenGen iliwapa wenyehisa wake haki ya hisa mbili mpya kwa kila moja, kwa shilingi 6.55. Katika uwiano wa namna hiyo, haki zote zikichukuliwa na wewe usichukue yoyote, kura yako na sehemu yako ya faida zijazo hushuka hadi theluthi moja ya ilivyokuwa, hata kama ulilipwa thamani kamili ya haki zako. Kwa mwenye hisa 1,000 pengine hilo si kitu. Kwa chama au ushirika wenye fungu kubwa, ni la kujadiliwa mkutanoni kabla ya siku ya kufunga.

Hesabu ya 21 nayo ina mpaka wake. Inachukulia kwamba shilingi inayoingia kwenye kampuni itabaki shilingi. Soko likiamini kwamba mtaji mpya utajenga kitu chenye faida, bei itakaa juu ya 21. Likiamini kwamba fedha zinakwenda kuziba shimo la madeni, itashuka chini yake, na ikishuka chini ya 15 kabla ya toleo kufungwa, haki haina thamani tena, kwa kuwa hisa yenyewe inapatikana sokoni kwa bei nafuu zaidi. Kwa hiyo mimi hufungua kwanza ukurasa wa waraka wa toleo unaoeleza matumizi ya fedha, kisha ndipo naangalia bei. Tofauti kati ya 21 ya hesabu na bei halisi ya sokoni ndiyo maoni ya soko. Yale yaliyobaki ni mgawanyo tu.

Mwalimu alirudi mwaka uliofuata na barua nyingine, ya kampuni nyingine, bahasha ikiwa bado haijafunguliwa. Hakuwa na fedha za kulipia, wala hakutaka kipande chake kipungue sana. Kwa tarakimu zetu zilezile, njia tuliyoifuata ingekuwa hivi: kuuza haki 358 kwa shilingi 6, ambazo ni 2,148, na kuzitumia kulipia haki 142 zilizobaki, ambazo ni 2,130. Anamaliza na hisa 1,142 za shilingi 21, yaani 23,982, na shilingi 18 mkononi. Alijumlisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akapata 24,000 kamili, kisha akaandika gharama mpya ya kila hisa katika daftari lake kabla ya kutia sahihi fomu.