Kumwelekeza Bodaboda Hadi Mji wa Kale

Nimeratibu safari za bodaboda kisiwani Mombasa kwa miaka mingi, na kosa ninalolisikia mara nyingi simuni ni la mtu kueleza njia kuanzia mlangoni kwake kutoka nje, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoipita kila asubuhi. Mwendeshaji anaijia njia hiyo hiyo kutoka upande wa pili, kwa hiyo kushoto kwa mwenyeji ni kulia kwake, na alama aliyotajiwa kwanza ndiyo atakayoiona mwisho.

Mama mmoja anayeishi ndani ya Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, alikuwa akimngojea mgeni kutoka Nyali, naye akamwambia mwendeshaji, "Niko nyuma ya msikiti, ukitoka kichochoroni kata kulia." Mji wa Kale una misikiti mingi, na kijana yule alizunguka nusu saa. Ramani ya simu haikumfaa, kwa sababu nyumba zimegusana na vichochoro vimekaribiana mno, hata alama ikisogea hatua chache tu huangukia upande wa pili wa nyumba.

Tuliyapanga upya maelekezo kwa kumwuliza kwanza mgeni anatokea wapi: "Ukishavuka daraja la Nyali, fuata Abdel Nasser mpaka uingie Barabara ya Digo. Marikiti utaiona kushoto. Ipite, uendelee mpaka njia panda ya Barabara ya Moi na Nkrumah. Hapo kata kushoto, ushike Nkrumah, upite kanisa kuu la Katoliki la Roho Mtakatifu, uende mpaka uione Ngome ya Yesu mbele yako. Simama langoni."

Baada ya hapo tuliongeza sentensi mbili ambazo mimi nazithamini kuliko zote zilizotangulia, kwa kuwa zinamjulisha mwendeshaji kosa lake kabla hajafika mbali: "Ukijiona unazikaribia Pembe za Ndovu, zile sanamu za Barabara ya Moi, umekata kulia badala ya kushoto. Ukijikuta kwenye Barabara ya Nyerere unaelekea feri ya Likoni, umepita njia panda bila kukata." Njia panda ile ndiyo mahali pekee katika safari hii panapopoteza watu kweli, na ndiyo maana sikuona haja ya kuweka onyo kama hilo Marikiti.

Ngome inafaa kuwa kituo kwa sababu ni moja tu, haihami, na huonekana hata na mtu aliye mwendoni, tofauti na kibanda cha viazi karai ambacho jioni kipo na asubuhi hakipo. Kipande cha mwisho, cha kuingia vichochoroni, sikumwachia mwendeshaji kabisa. Nilimwomba mama atembee mpaka langoni pa Ngome, asimame upande wa barabara ambao pikipiki itafikia, na amtajie mgeni rangi ya leso aliyojitanda.