Kwa nini laptopu hupata ukungu ukiiunganisha na projekta

Chukua laptopu ya pikseli 1920×1080 na projekta ya zamani ya 1024×768. Ukichomeka kebo na kuchagua `Duplicate`, ukutani picha inatoka safi, ila laptopu yenyewe inaonekana imevimba: ikoni kubwa, herufi zenye ukungu na michirizi miwili myeusi pembeni. Wengi hukimbilia kubadilisha draiva au kulaumu kebo, na hakuna kilichoharibika.

Katika `Duplicate`, Windows huchora picha moja tu na kuipeleka kwenye skrini zote mbili, na picha moja ina resolusheni moja. Kila skrini inapochomekwa hujieleza kwa taarifa fupi iitwayo EDID, inayotaja resolusheni inazozikubali. Windows hutafuta inayowezekana kwenye zote mbili. Laptopu inaweza kushuka hadi 1024×768, lakini projekta hii haikutaja 1920×1080, kwa hiyo inayoshuka ni laptopu.

Ukungu wenyewe ni suala la hesabu. Mistari 768 ya picha inatandazwa juu ya mistari 1080 ya kioo, kila mmoja ukipata nafasi ya 1.4 hivi. Pikseli haikatwi vipande, basi kingo za herufi huchanganya rangi na pikseli za jirani. Kwa upana, 1024 inakuwa 1440. Zinabaki 480, yaani michirizi ya pikseli 240 kila upande. Ikiwa kadi ya grafiki imewekwa kuvuta picha ijaze kioo chote, michirizi inatoweka lakini duara linakuwa kama yai.

Ukichagua `Extend`, Windows huchora picha mbili na kuziweka bega kwa bega. Hakuna tena haja ya kukubaliana: laptopu inabaki na 1920×1080 yake, projekta na 1024×768 yake.

Bonyeza `Win+P`, chagua `Extend`. Kisha fungua `Settings > System > Display`, bofya skrini namba 2, na chini ya `Display resolution` chagua iliyoandikwa `(Recommended)`. Usishtuke ukutani kukitokea mandhari tupu. Dirisha lako bado liko kwenye laptopu. Lisogeze kwa `Win+Shift+→` (au `←`, kutegemea projekta imepangwa upande gani). Kwa slaidi za PowerPoint, chagua skrini ya ukutani katika `Slide Show > Monitor`.

Kuna projekta zinazohadaa. Kioo chake cha ndani ni 1280×800, lakini EDID yake inasema inapokea hata 1920×1080. Hapo `Duplicate` inaiacha laptopu salama, na projekta ndiyo inayobana picha kimyakimya, hadi tarakimu ndogo za jedwali la Excel hazisomeki. `Advanced display` haitakusaidia, maana inaonyesha mawimbi yanayotumwa, si kioo kilichomo. Soma resolusheni halisi kwenye kijitabu cha projekta, neno `native`, kisha katika `Extend` iwekee hiyohiyo.