Stoo iliyojaa mbegu na wadaiwa wasioonekana mwezi Juni

Mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, Kizota hapa Dodoma, alinipigia simu akitoka benki. "Mhasibu, wamenikatalia mkopo. Wanasema hela yangu inalala siku mia mbili na ishirini. Inalala wapi mwanangu? Mbona mimi silali?"

Nimefanya kazi ya kuchambua maombi ya mikopo kabla sijaanza kushauri wafanyabiashara, kwa hiyo nilijua namba ile imetoka wapi hata kabla sijafika kwake. Imetoka kwenye mizania ya tarehe 30 Juni, na imekokotolewa kwa njia ya kawaida kabisa. Nitaieleza kwa hesabu za kiwanda chake, nimezisawazisha kidogo ili zisomeke na kwa ridhaa yake.

Kwa mwaka mzima aliuza mafuta na mashudu ya shilingi milioni 730, yaani wastani wa milioni 2 kwa siku. Gharama ya mauzo, maana yake mbegu, umeme wa mashine, vibarua na madumu, ilikuwa milioni 584, sawa na milioni 1.6 kwa siku. Ukishajua hizo mbili za siku, vingine ni kugawanya tu. Stoo siku ile ilikuwa na mali ya milioni 320: gawanya kwa 1.6, unapata siku 200. Hizo ndizo siku za stoo. Wateja waliochukua mafuta bila kulipa walikuwa wanadaiwa milioni 60: gawanya kwa milioni 2, siku 30. Hizo ni siku za wadaiwa. Yeye mwenyewe alikuwa anadaiwa na wauzaji wake milioni 16: gawanya kwa 1.6, siku 10. Hizo ni siku za wadai. Stoo jumlisha wadaiwa, toa wadai, inabaki 220. Huo ndio mzunguko wa mtaji wa uendeshaji: siku ambazo shilingi inakaa nje tangu ulipie mbegu mpaka mteja akulipe mafuta.

Angalia kwamba wadaiwa nimewagawanya kwa mauzo, lakini stoo na wadai kwa gharama. Deni la mteja lina faida yako ndani yake. Gunia la mbegu lililoko stoo bado halina. Ukigawanya vyote kwa mauzo, stoo itaonekana fupi kuliko ilivyo. Na mkopo wa benki usiuingize kwenye wadai, kosa ninalolikuta mara kwa mara. Wadai hapa ni wale waliokupa mali au huduma ya biashara yako na wanasubiri kulipwa.

Ofisa wa benki aliona siku 200 za stoo, akaandika kwamba bidhaa hazitoki. Simlaumu kwa hesabu, ila tarehe aliyoipimia haikumfaa. Alizeti ya huku kanda ya kati hupandwa mvua zikishakolea, Desemba na Januari, na huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Mwenye kiwanda anayetaka mashine izunguke mwaka mzima lazima anunue wakati wakulima wa Kongwa, Chemba na Kondoa wana mbegu mkononi. Mwisho wa Juni stoo yake imefika karibu na dari. Ukipima siku hiyo unapima msimu wa mavuno.

Nikamwomba daftari la stoo la kila mwisho wa mwezi. Bahati nzuri analitunza vizuri, mwanawe huhesabu magunia na madumu na kuandika. Mwisho wa Julai mali ilikuwa milioni 340. Mwisho wa Desemba milioni 150. Mwisho wa Aprili milioni 32, yaani siku 20 tu. Kiwanda kilekile, mwaka uleule, kikifunga hesabu Aprili kinaonekana kama duka la mkate, na kikifunga Juni kinaonekana kama ghala lililosahaulika. Nilijumlisha miezi yote 12 nikagawanya: wastani milioni 176, siku 110. Mwaka uliotangulia wastani ulikuwa siku 112. Stoo haikuwa imebadilika.

Niliingia pia stoo kwa miguu yangu, kwa sababu daftari halisemi mali iko katika hali gani. Kilichojaa kilikuwa mbegu. Mafuta yaliyokamilika yalikuwa madumu machache karibu na mlango, ya wiki ileile. Hiyo ni tofauti kubwa. Mbegu zikikaa, zinasubiri mashine. Mafuta yakikaa, yanasubiri mnunuzi, na mnunuzi huenda hayupo. Ningekuta madumu yenye vumbi nyuma ya magunia, ningeandika ripoti nyingine kabisa.

Hapo ningeweza kumwandikia benki barua na kuondoka. Lakini kitu kimoja kilinisumbua: kama stoo ni ileile na mauzo hayajashuka, kwa nini mama huyu anakwenda benki kuomba pesa ambazo mwaka jana hakuzihitaji?

Nikarudia hesabu ya wadaiwa kwa wastani wa miezi 12 badala ya Juni peke yake. Ilitoka milioni 124, siku 62. Mwaka uliotangulia, kwa njia hiyohiyo, ilikuwa siku 34. Juni ilikuwa imewaficha. Aprili na Mei mbegu zinakuwa zimekwisha, mafuta ya kukopesha hakuna, na wateja wanaotaka kuhudumiwa msimu mpya wanalipa chochote ili wapokelewe. Kwa hiyo tarehe ileile inayoifanya stoo ionekane mbaya kuliko ilivyo ndiyo inayofanya wadaiwa waonekane wazuri kuliko walivyo. Yeyote anayesoma mizania moja ya Juni ya kiwanda cha alizeti atatazama mlima wa magunia na kuupita mwanya wenyewe.

Na siku 62 nazo zilikuwa bado zinadanganya. Mashudu huuzwa taslimu: wafugaji wanakuja na pikipiki, wanalipa, wanapakia. Mauzo ya rejareja ya mafuta getini nayo ni taslimu. Jumla ya taslimu ilikuwa milioni 219 kwa mwaka. Mtu aliyelipa papo hapo hawezi kuwa mdaiwa, kwa hiyo mauzo yake hayapaswi kuingia kwenye kigawanyo. Ukiyatoa, mauzo ya mkopo yanabaki milioni 511, milioni 1.4 kwa siku. Milioni 124 gawanya kwa 1.4: siku 89. Masharti aliyokuwa anawapa wateja ni siku 30.

Tukafungua leja, mteja mmoja mmoja, tukapanga madeni kwa umri. Mwisho wa Desemba wadaiwa wote walikuwa milioni 150. Milioni 84 zilikuwa za mtu mmoja, mfanyabiashara wa jumla wa mkoa mwingine. Kati ya hizo, milioni 49 zilikuwa zimepita siku 90.

Ukurasa wa mteja huyo ndio ningependa kila mwenye biashara auone. Mwaka wa kwanza alikuwa analipa kwa invoisi: invoisi ya 3,840,000, malipo 3,840,000. Kisha malipo yakaanza kuwa ya mviringo. Milioni 2. Milioni 3. Milioni 1.5. Hayataji invoisi yoyote, na pembeni mama ameandika kwa kalamu "amepunguza". Kila alipopunguza milioni 2 alichukua mzigo wa milioni 5. Anayelipa hivyo halipi tena deni fulani, analipa kiasi cha kumwezesha kupakia gari linalofuata. Kwangu hiyo ni dalili ya mapema kuliko namba yoyote ya siku, maana inaonekana kwenye leja miezi kadhaa kabla wastani haujasogea.

Nikamuuliza, "Mama, huyu hujamsimamisha?"

"Nikimsimamisha atakwenda kwa mwingine, na deni langu litakwenda naye."

Nimesikia jibu hilo kwa watu wengi, na ninaelewa hofu iliyomo. Ila ukilifuata, kila mzigo mpya unaliongeza deni unaloogopa kulipoteza.

Upande wa wadai ndipo palipokamilisha picha. Siku 10 zinaweza kusomeka kama sifa: analipa haraka, hadaiwi. Mwaka uliotangulia zilikuwa 25. Wakulima na wakusanyaji wa mbegu wamelipwa taslimu siku zote, kwa hiyo hao hawakubadilika. Waliobadilika walikuwa wawili: muuza madumu na mwenye malori. Muuza madumu alicheleweshewa malipo mara mbili mfululizo, na mara ya tatu akataka pesa kabla ya kushusha mzigo. Mwenye malori akafuata. Siku za wadai zikifupika wakati akaunti ya benki nayo inakauka, tafsiri yake ni kwamba watu wanaokujua kwa karibu wameacha kukukopesha. Benki husoma mizania mara moja kwa mwaka, lakini muuza madumu hukusoma kila wiki.

Sasa weka miaka miwili pamoja, kwa wastani wa miezi 12 na mauzo yote. Mwaka uliotangulia: 112 jumlisha 34, toa 25, siku 121. Mwaka huu: 110 jumlisha 62, toa 10, siku 162. Mzunguko umerefuka kwa siku 41. Siku 28 ni za wadaiwa, na kwa milioni 2 kwa siku hizo ni milioni 56. Siku 15 ni za wadai, kwa milioni 1.6, ni milioni 24. Stoo imerudisha siku 2, kama milioni 3. Pesa zilizotoweka kwenye mzunguko ni takribani milioni 77. Mkopo aliokuwa ameuomba benki ulikuwa milioni 80.

Nilipomwonyesha hizo namba mbili kwenye karatasi moja alinyamaza muda mrefu. Alikuwa anaomba akopeshwe kwa riba ili amkopeshe mtu mwingine bila riba.

Benki tuliipelekea jedwali la miezi 12 badala ya mizania peke yake, na maombi tofauti: mkopo wa msimu wa kununulia mbegu, unaochukuliwa Juni na kupungua kila mwezi kadiri mbegu zinavyokamuliwa, uwe umekwisha Aprili. Stoo ya msimu inalipika kwa mafuta yake yenyewe, mkopo wa namna hiyo una chanzo cha kuulipa. Pengo la wadaiwa nilimkataza kulikopea.

Kwa mteja mkubwa tulifunga ukurasa wa zamani. Deni lililobaki likaandikiwa makubaliano, kiasi fulani kila mwisho wa mwezi, na mzigo mpya ukawa taslimu. Alikasirika, akakaa wiki tatu bila kupiga simu. Kisha gari lake likaja na pesa ya mzigo mkononi. Deni la zamani analilipa kwa kusuasua, na katika hesabu za mwaka nimetenga sehemu yake kama deni lenye mashaka, jambo lililoipunguza faida ambayo mama alikuwa ameshaifurahia.

Muuza madumu amerudi kumpa siku 14. Hilo nililisikia kwake mwenyewe nilipopita kununua dumu.