Mafuta ya maziwa ya unga: usitishwe na asilimia 28

Pakiti ya maziwa ya maji imeandikwa mafuta asilimia 3.5, kopo la maziwa ya unga limeandikwa 28. Ukisoma harakaharaka utadhani unga una mafuta mara nane zaidi. Sivyo. Asilimia ya unga imepimwa ukiwa mkavu, na lita moja ya maziwa huhitaji takriban gramu 130 za unga huo. Asilimia 28 ya gramu 130 ni kama gramu 36 za mafuta, karibu sawa na gramu 35 zilizomo kwenye lita ya maziwa ya maji.

Tofauti huanzia jikoni. Kikombe cha mililita 200 kinataka gramu 26 hivi za unga, lakini wengi huweka kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 8. Mafuta na protini hushuka hadi chini ya theluthi. Kwenye chai haidhuru. Kwa mtoto wa miaka mitatu ambaye hicho ndicho kifungua kinywa chake, ni maji meupe tu. Bei nayo ilinganishwe hivyohivyo: pakiti ya gramu 500 hutoa lita 3.8 hivi, kwa hiyo gawanya bei yake kwa 3.8 kabla ya kusema unga ni rahisi.

Kisha geuza pakiti usome viambato, maana kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi. Ukikuta maziwa yaliyoondolewa mafuta yakifuatiwa na mafuta ya mawese au ya mimea mingine, ujue mafuta ya maziwa yametolewa na kuwekwa hayo. Asilimia inaweza kubaki ileile 28, hivyo namba haitakusaidia kugundua. Si sumu, ila usiyalipie bei ya maziwa kamili.

Jina la kampuni pekee halikuambii aina ya maziwa: Asas na Brookside, kwa mfano, huuza ya kuweka kwenye friji na ya muda mrefu pia. Ya friji hupashwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15; vimelea vya magonjwa hufa, lakini baadhi ya bakteria wanaochachusha hubaki. Ya muda mrefu, yenye alama UHT, hupitishwa kwenye nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache na kufungwa bila kuguswa na vijidudu. Ndiyo maana sifa ya "hayana kemikali za kuhifadhi" ni ya kweli lakini si ya ajabu: joto limeshafanya kazi hiyo. Protini na kalisi hazibadiliki sana; baadhi ya vitamini B hupungua kidogo. Yakishafunguliwa huharibika kama mengine, kwa hiyo nyumba isiyo na friji inunue boksi dogo linaloisha siku hiyohiyo.

Maneno "vitamini A na D zimeongezwa" yana uzito kwenye maziwa yasiyo na mafuta, kwani vitamini hizo hutoka pamoja na mafuta. Hata hivyo, mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apewe maziwa kamili.