Je, wajua? Namna ya kusoma rimu na taa za mtumba kwenye picha

*Muuza spea wa soko la Kisekka, Kampala, amenitumia picha za rimu za aloi na taa za mbele za kamunye yangu, teksi ya abiria 14. Nitajuaje kwa picha tu kama zinafaa?*

Utajua mengi, mradi picha ipigwe mahali penye habari. Wauzaji hupenda kupiga uso wa rimu, upande unaong'aa, ilhali maandishi yako mgongoni. Mwombe aigeuze, afute vumbi la breki nyuma ya spoku na kuzunguka kitovu, kisha apige kwa karibu huku mwanga ukitokea ubavuni, ili herufi zilizoinuka zitupe kivuli.

Kwenye rimu za Japani tafuta kwanza JWL. Hiyo ni alama ya kiwango cha Japani kwa rimu za magari madogo ya abiria. Ikiwa JWL-T, kiwango ni cha malori na mabasi, na ndiyo unayoitaka kwa gari linalopakia abiria 14 na mizigo yao. Mtengenezaji huiweka JWL kwa kujithibitishia mwenyewe. Ukiona VIA kando yake, basi aina hiyo ya rimu imepita pia mikononi mwa wakaguzi walio nje ya kiwanda, na mimi huipa uzito zaidi.

Kisha tafuta uzito. Huo ni mzigo wa rimu moja, si wa ekseli. Tuseme kibati cha gari lako kinaruhusu kilo 1,600 kwenye ekseli ya nyuma. Gawanya kwa magurudumu mawili: kila rimu iweze kubeba angalau kilo 800. Sasa picha inaonyesha "MAX LOAD 1521" na hapo ndipo ilipokatwa. Ukidhani ni kilo, utaona imezidi mahitaji karibu mara mbili. Omba picha nyingine inayoonyesha mwisho wa mstari, kwa sababu mara nyingi hufuata LB, yaani ratili. Ratili 1,521 ni kilo 690. Rimu hiyo inatosha kwa gari dogo, lakini kwa kamunye hii imepungukiwa kilo 110 kila upande. Ikibebeshwa hivyo kila siku kwenye mashimo, ufa huanza taratibu, mara nyingi kwenye shina la spoku au ukingo wa ndani, na hewa huvuja kabla hujauona.

Tazama pia jinsi maandishi yalivyokaa. Yaliyotoka kwenye kalibu huinuka pamoja na chuma, na ngozi ya chuma huendelea bila kukatika kati ya herufi na pembeni yake. Mahali palipokwanguliwa kwa jiwe la kunolea kisha pakapakwa rangi mpya, hapo palikuwa na jambo ambalo mtu hakutaka ulisome. Achana nayo. Ila rimu nyingine za kiwandani hazina uzito ulioandikwa kabisa. Hizo ulizia zimetoka kwenye gari gani, modeli na mwaka.

Taa zina hila yake. Dimu haimuliki sawasawa pande zote: upande wa ukingo wa barabara mwanga hupanda kidogo, na upande wa gari linalokuja hukatwa chini. Uganda tunaendesha kushoto, lakini Kongo, Rwanda na Sudan Kusini wanaendesha kulia, na Dubai vilevile. Taa ya huko ikifungwa hapa humulika machoni mwa dereva anayekuja.

Kwenye kioo au mwili wa taa tafuta herufi E ndani ya duara pamoja na namba. E1 ni Ujerumani, E11 Uingereza, E43 Japani. Namba hiyo hutaja nchi iliyoidhinisha taa, si nchi ya barabara zake, kwa hiyo usiishie hapo. Tafuta mshale. Ukiitazama taa kwa mbele, mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ni wa nchi zinazoendesha kushoto kama yetu. Mshale wenye ncha mbili hufaa pande zote. Taa yenye E bila mshale wowote ni ya wanaoendesha kulia. Hakikisha herufi zinasomeka sawa, maana picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo hugeuza na mshale.

Taa nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe zina jina tu, kama KOITO, STANLEY au ICHIKOH, pamoja na namba, bila E. Hapo kukosekana kwa mshale hakumaanishi chochote. Japani pia huendesha kushoto, kwa hiyo linganisha namba hiyo na iliyo kwenye taa yako ya zamani.

Kabla ya kulipa salio, ifunge taa uegeshe gari mahali tambarare, mita kumi kutoka ukutani, uwashe dimu. Mstari wa mwanga unapaswa kupanda kuelekea kushoto. Ukipanda kuelekea kulia, mrudishie muuzaji taa yake, maana skrubu za kurekebisha huinua na kushusha mwanga tu, au kuusogeza pembeni. Umbo lake halibadiliki.